Mtihani wa Kazi Mtandaoni: Andaa Kompyuta, Laini na Kichwa, na Ujue la Kufanya Ukurasa Ukiganda

Nina saiba ndogo Kayole, na karibu kila wiki kuna kijana anayeingia mbio, simu mkononi, na swali lile lile: "Kaka, mtihani umeganda katikati. Nirifreshi ama niuache?" Mara nyingi huwa amesharifreshi mara tano kabla ya kunifikia, na hapo ni vigumu kumsaidia. Nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja ili uyasome mapema, siku mbili tatu kabla ya mtihani.

Mtihani ninaouzungumzia ni ule wa kupima uwezo ambao benki, mashirika na kampuni kubwa hutuma kabla ya usaili: maswali ya hesabu za majedwali, ya kusoma aya na kuamua kama kauli ni kweli, na ya michoro inayofuatana. Unapewa kiungo kimoja, nafasi moja, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwa mifano ya hapa chini nitatumia mtihani wa maswali 30 kwa dakika 36, yaani sekunde 72 kwa kila swali.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu au kompyuta ya mezani. Simu itumie tu kama mwaliko umeruhusu waziwazi, maana jedwali la safu saba kwenye skrini ya simu litakula muda wako kwa kulisogezasogeza.
- Njia mbili za intaneti zisizotegemea kitu kimoja. Waifai ya nyumbani pamoja na bando la simu zinatosha. Waifai ya nyumbani pamoja na waifai ya jirani hazitoshi, kwa sababu umeme ukipotea kwenye ploti nzima zote mbili zinakufa.
- Karatasi tupu, kalamu mbili, na kikokotoo kama kimeruhusiwa.
- Saa ya mkono au ya mezani, isiyo ya kompyuta.
- Mwaliko wenyewe, uliousoma mara mbili.

Hatua

1. Soma mwaliko ukiwa na kalamu. Tafuta majibu ya maswali manne na uyaandike kwenye karatasi: Mwisho wa kufanya ni lini, na kwa saa za wapi? Mtihani unaweza kusimamishwa na kuendelezwa, au ukianza ndiyo umeanza? Kamera itawashwa? Nani wa kuwasiliana naye kukitokea hitilafu?

Suala la saa limewaponza wengi. Mwaliko ukisema mwisho ni saa 23:59 GMT, kwa Nairobi hiyo ni saa 02:59 ya siku inayofuata, kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele. Ukisema saa za London wakati wa kiangazi chao, tofauti inashuka hadi saa mbili. Halafu kuna mtego wetu wenyewe: "3:00" kwenye mwaliko si saa tatu ya Kiswahili. Iandike kwa namna zote mbili ili usichanganyikiwe.

Anwani ya msaada iandike kwa mkono. Ukurasa ukiganda, hutataka kuanza kuitafuta ndani ya barua pepe kwenye kompyuta ile ile iliyokwama.

2. Chagua siku na saa. Kama umepewa siku tano, usingoje ya tano. Mimi hupendekeza asubuhi mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Mtandao wa mtaani huwa mwepesi, jirani hajawasha spika, na kazi nyingi za umeme zilizopangwa huwa bado hazijaanza. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo. Angalia tangazo la eneo lako jana yake. Kama mita yako ni ya tokeni, angalia zimebaki yuniti ngapi na ununue usiku. Nimewahi kumpokea mtu aliyekatikiwa na tokeni akiwa swali la 11.

3. Safisha kompyuta, siku moja kabla. Kwanza angalia tarehe na saa yake. Laptopu kuukuu ikiwa na betri ndogo ya ndani iliyokufa hurudi mwaka wa nyuma kila inapozimwa, na kivinjari hukataa kufungua kurasa salama kikidai cheti si halali. Majira yasomeke `(UTC+03:00) Nairobi`.

Kisha izime kabisa na kuiwasha upya, uache masasisho ya Windows yaishe. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya mtandao utakaoutumia na uwashe `Metered connection`. Windows itadhani unalipia kila kitu unachopakua, na itaacha kuvuta masasisho makubwa katikati ya mtihani wako.

Kwenye Chrome, andika `chrome://extensions` juu kabisa na uzime viongezi vyote: vya kuzuia matangazo, vya kutafsiri, vya kusahihisha sarufi. Hivyo huficha vitufe na michoro ya mtihani. Watu hukimbilia dirisha la siri badala ya kufanya hivi. Mimi siipendi njia hiyo. Dirisha la siri huzuia vidakuzi ambavyo baadhi ya mitihani huvihitaji, na likifungwa kwa bahati mbaya linasahau kwamba ulikuwa umeingia.

4. Pima uthabiti wa mtandao kabla ya kasi yake. Mtihani wa namna hii hauhitaji kasi kubwa. Unahitaji mtandao usiokatikakatika. Fungua `cmd` kwenye Windows, uandike:

```
ping -n 100 8.8.8.8
```

Itachukua chini ya dakika mbili. Mwishoni soma namba iliyo mbele ya `Lost`. Ikiwa 0 au 1, uko sawa. Ikiwa 5 au zaidi, au ukiona `Request timed out` mara tatu mfululizo, mtandao huo utakuangusha hata kama video zinacheza vizuri juu yake, kwa sababu video huhifadhi sekunde kadhaa mbele na kukuficha mapengo. Sogeza kompyuta karibu na ruta, upime tena. Ipime njia ya pili vilevile, saa ile ile utakayofanyia mtihani.

Ukitumia simu ya Android kama chanzo cha intaneti, iunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti. Katika fleti za Pipeline au Umoja, kila chumba kina waifai yake na zote zinagombania hewa ile ile. Waya hauna ugomvi huo.

5. Linda laini dhidi ya simu zinazoingia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chanzo ninachokiona mara nyingi na ambacho wachache hukijua.

Simu yako inapokuwa kwenye 4G na mtu akakupigia, kama simu au laini yako haina uwezo wa kupokea sauti juu ya 4G, inashuka hadi 3G au 2G ili ipokee. Ikishuka hadi 2G, data husimama kabisa muda wote inapoita. Si lazima upokee. Kuita tu kunatosha. Kwenye simu nyingi za laini mbili, simu ikiingia kwenye laini ya pili, data ya laini ya kwanza nayo husimama. Na kuweka simu kimya hakusaidii, kwa sababu kunazima mlio tu, simu yenyewe bado imefika.

Dawa iliyo rahisi ni kuweka bando kwenye laini ambayo hakuna anayeijua, na kuitoa laini nyingine kwenye hiyo simu. Kama una laini moja tu, elekeza simu zote kwenye namba ya mtu mwingine wa nyumbani kwa kupiga `*21*`, kisha namba hiyo, kisha `#`. Zitaenda kule bila kugusa simu yako. Ukimaliza mtihani, piga `##21#` kuondoa. Jaribu jana yake: mwombe mtu akupigie huku ukurasa unafunguka, uone kama utasita. Simu inayoelekezwa hulipiwa kwa laini yako, kwa hiyo acha salio kidogo.

6. Kata mtandao kwa makusudi, kwenye mtihani wa mazoezi. Watahiniwa wengi hufanya mazoezi ya maswali. Karibu hakuna anayefanya mazoezi ya kuganda, na hilo ndilo ninalokusihi ulifanye.

Mwaliko mwingi una kiungo cha mazoezi. Usipokuwa nacho, kampuni zinazotengeneza mitihani hii, kama SHL, zina mifano ya bure kwenye tovuti zao. Anza mfano huo ukiweka saa yako ya mkono mezani. Ukifika swali la tatu, zima waifai. Sasa tazama bila kugusa kitu. Saa ya kwenye skrini inaendelea? Kuna ujumbe? Kitufe cha kuendelea kinageuka rangi? Kisha hamia njia ya pili, uhesabu umetumia sekunde ngapi hadi swali la nne kufunguka.

Mara ya kwanza utatumia dakika tatu, kwa sababu utakuwa unatafuta waya au ukibahatisha nywila. Rudia hadi ushuke chini ya dakika moja. Saa ya mtihani wa kweli inaweza kufanya tofauti na ya mazoezi, lakini mikono itakuwa imeshajua njia.

7. Andaa kichwa kwa alama za saa. Wasiwasi mwingi huja ukitazama saa kila swali. Badala yake andika alama mbili kwenye karatasi. Kwa maswali 30 na dakika 36: ukimaliza swali la 10 ziwe zimebaki dakika 24; ukimaliza la 20, ziwe 12. Itazame saa hapo tu. Swali likikushikilia sekunde 90, chagua jibu lililo karibu na uendelee, isipokuwa maelekezo yamesema jibu baya linakatwa alama. Angalia pia kama utaruhusiwa kurudi nyuma. Mitihani mingi hairuhusu.

Moyo ukianza kukimbia na ukajikuta umesoma sentensi moja mara tatu, toa mkono kwenye kipanya, pumua nje polepole kuliko ulivyovuta ndani, mara tatu. Ni kama sekunde 20, na utazirudisha kwenye swali linalofuata.

Watu wa nyumbani nao waambie saa kamili. "Mama, naomba kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na robo mtu asinigongee, hata mgeni akija," inafanya kazi kuliko "nitakuwa na shughuli." Akina mama wa Nairobi wanaojua mtoto anatafuta kazi watasimama mlangoni kama askari.

8. Dakika 30 kabla. Kunywa chai na kitu cha kutafuna, nenda msalani, chomeka chaja, funga programu zote, unganisha njia ya kwanza na uweke ya pili pembeni ikiwa tayari. Rudisha ukubwa wa ukurasa kwa `Ctrl+0`. Fungua mtihani kwenye kichupo kimoja tu.

9. Ukurasa ukiganda. Usibonyeze chochote kwanza. Fuata mpangilio huu:

a) *Jua nini kimeganda.* Bonyeza `Caps Lock`. Taa yake isipobadilika na kipanya hakitembei, kompyuta yenyewe imekwama. Ikiwa ziko sawa lakini Chrome inaonyesha `Page Unresponsive`, au saa ya mtihani imesimama, kivinjari ndicho kilichokwama. Ikiwa saa inahesabu ila kitufe cha kuendelea hakijibu au duara linazunguka tu, ni mtandao.

b) *Ukiwa ni mtandao, usirifreshi kabla haujarudi.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Swali ulilonalo bado limo ndani ya kivinjari. Ukirifreshi bila mtandao unalifuta na kubaki na ukurasa mtupu. Rudisha mtandao kwanza, au hamia njia ya pili. Ngoja sekunde 15. Bonyeza kitufe cha kuendelea mara moja. Kisipojibu ndani ya sekunde 20, sasa rifreshi kwa `F5`, mara moja.

c) *Ukiwa ni kivinjari,* chagua `Wait` mara moja. Kisipoamka ndani ya sekunde 30, funga kichupo, rudi kwenye barua pepe, ufungue kiungo upya. Usifungue cha pili wakati cha kwanza kiko wazi, maana mfumo unaweza kuona watu wawili na kuwatoa wote.

d) *Ikiwa ni kompyuta,* shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, iwashe tena, ingia kwa kiungo kile kile.

e) *Andika.* Saa kamili, namba ya swali, dakika zilizobaki, maneno ya kosa kama yalivyo. Tumia kalamu. Usipige picha ya swali, kwa kuwa maswali ni siri ya kampuni na picha inaweza kukugeuza mshukiwa. Kamera ikiwa imewashwa, usinyanyue hata simu bila kutamka kwa sauti unachofanya: "Mtandao umekatika, nabadilisha laini."

Mitihani mingi huhifadhi jibu unapobonyeza kuendelea, kwa hiyo ukirudi kwa kawaida unalikuta swali lile lile ulilokwamia. Muda hauna uhakika huo. Baadhi ya mifumo huusimamisha, mingine inaendelea kuhesabu kule kwenye seva.

Ilivyokuwa kwa dada mmoja

Dada mmoja tuliyemfanyisha zoezi la kukata mtandao hapa saiba alifanya mtihani wake nyumbani, saa moja na nusu asubuhi, kwa simu iliyounganishwa kwa waya. Swali la 17, zikiwa zimebaki dakika 16 na sekunde 10, duara likaanza kuzunguka. Taa ya `Caps Lock` ilibadilika, saa ya mtihani ilikuwa inatembea. Basi ni mtandao. Alipotazama simu, shangazi yake alikuwa anampigia kwenye laini ya pili, ambayo alisahau kuitoa.

Aliikata simu, akaichomoa laini ile, akangoja data irudi. Akabonyeza kuendelea mara moja, kimya. Akarifreshi mara moja. Ukurasa ukamuuliza kama anataka kuendelea, ukamrudisha swali la 17, saa ikisoma dakika 14 kamili. Muda haukuwa umesimama. Maswali 14, dakika 14: sekunde 60 kila moja badala ya 72. Alifuta alama ya zamani kwenye karatasi akaandika mpya, kwamba akimaliza la 23 ziwe zimebaki 7. Alimaliza yote, mawili ya mwisho kwa kukisia.

Ndani ya saa moja alituma barua fupi kwa anwani aliyoiandika. Ya kwako iandike kwa lugha ya mwaliko. Yaliyomo yawe hivi:

> Nimefanya mtihani leo, kuanzia saa 7:30 asubuhi, saa za Nairobi. Swali la 17, saa 7:50, ukurasa uliacha kujibu kwa dakika mbili hivi kutokana na mtandao. Niliingia tena kwa kiungo kile kile na kukamilisha. Naomba mthibitishe kama majibu yote yamehifadhiwa.

Kesho yake walimjibu kwamba majibu yote 30 yamefika. Angalia kwamba hakuomba arudie wala hakulaumu mtu. Alitoa saa, namba ya swali na ombi moja linaloweza kujibiwa. Kama ungekuwa umeshindwa kuingia tena, sentensi ya mwisho ingekuwa ombi la kufunguliwa kiungo, na ungeituma kabla muda wa mwisho wa mwaliko haujapita.

Matatizo mengine yanayokuja mara kwa mara

*Umeme umepotea.* Laptopu yenye betri itaendelea, ruta itazima. Hamia simu. Umeme ukirudi, usirudi kwenye waifai. Ruta huchukua dakika kadhaa kusimama, na kuhama mara mbili ni kujitafutia kukwama mara mbili.

*Kamera haifunguki.* Mara nyingi kuna programu nyingine ya mikutano inayoishikilia. Ifunge, kisha bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa na uruhusu kamera.

*Michoro haionekani.* Kiongezi kimesahaulika, au ukurasa umekuzwa. Rudi hatua ya 3 na `Ctrl+0`.

*Kiungo kinasema kimeshatumika.* Huenda ulikifungua kwa simu ukichungulia. Usibonyeze kitufe cha kuanza ukiwa unachungulia. Kama umeshabonyeza, andika barua sasa hivi.

*Sina kompyuta, nitatumia saiba.* Uliza mambo mawili kabla ya kuketi. Je, mashine ina betri ya akiba umeme ukienda? Na je, programu ya kuhesabu muda hufunga skrini pesa zikiisha? Nyingi hufunga, bila kujali uko swali la ngapi. Mwambie mhudumu ni mtihani, ulipie saa mbili mapema, akufungulie bila kikomo. Mtihani wa kamera usiufanyie saiba, maana watu wanaopita nyuma yako watahesabiwa kama wasaidizi. Huo azima laptopu, ufanyie chumbani, mlango umefungwa.

*Nimemaliza, sioni ujumbe wa kukamilisha.* Usifunge. Ngoja dakika moja, angalia barua pepe kwa uthibitisho, kisha fungua kiungo tena. Kikisema mtihani umekamilika, umefika. Kikikurudisha kwenye swali, jibu hilo na ubonyeze kitufe cha kuwasilisha mara moja tu.